Vijisenti vya usiku wa manane: kisa cha kadi iliyojaribiwa mara tano

Dada yangu mkubwa alinipigia simu Alhamisi saa mbili asubuhi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hivi benki siku hizi wanakata vijisenti vya nini usiku wa manane?"

Alikuwa na meseji nne kwenye simu yake. Mbili zilikuwa za Jumanne usiku, saa nane na dakika kumi na tatu na dakika moja baadaye: dola 1.00, kisha dola 0.50. Nyingine mbili zilikuwa za usiku uliopita, kwenye saa tisa na nusu kuelekea saa kumi: dola 1.00 tena, na dola 1.37. Jumla dola 3.87. Zile za Jumanne alizisoma asubuhi yake, akadhani ni ada ya benki, akaendelea na shughuli zake. Kilichomshtua Alhamisi hakikuwa kiasi. Ni kwamba ada ya benki haiji na jina la muuzaji, na hizi kila moja ilikuwa na jina lake la herufi zilizokatwakatwa, wala hakuna alilolitambua.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la benki linalopokea malalamiko ya kadi, kwa hiyo sikumwuliza kwanza amenunua nini. Nilimwuliza kadi iko wapi. "Ninayo hapa mkononi, haijatoka kwenye pochi tangu wiki iliyopita." Nikamwambia afungue programu ya benki kwenye simu aifungie kadi hapohapo, mazungumzo yafuate baadaye.

Nilitaka aanze na hilo kwa sababu ya vile makato haya yanavyofanya kazi. Mwizi aliyepata namba za kadi mia tano hajui ngapi kati yake ziko hai. Nyingine zimeshafungwa, nyingine zimeisha muda, nyingine zina tarakimu iliyokosewa. Njia yake ya kujua ni kuiuliza benki yenyewe, na benki huulizwa kwa kupeleka malipo. Kila malipo ya mtandaoni hupita kwa muuzaji na mtandao wa kadi hadi benki iliyotoa kadi, na benki hujibu ndani ya sekunde chache kwa alama ya tarakimu mbili. `00` maana yake malipo yamekubaliwa. `14` ni kwamba namba hiyo haipo. `54` ni kadi iliyoisha muda. `51` ni salio halitoshi, na hilo nalo ni jibu zuri kwa mwizi, maana kadi ni hai, atasubiri mwisho wa mwezi. Hiyo dola moja haitaki. Anachotaka ni jibu.

Ndiyo maana kiasi ni kidogo. Benki nyingi hazimsumbui mteja kwa malipo madogo, na mteja mwenyewe hayasumbukii. Wauzaji wanaochaguliwa kupitiwa ni wale wanaopokea kiasi chochote bila kuuliza mengi: kurasa za michango ya hisani, wauzaji wa vitu vya kupakua, huduma za kujiunga zenye kipindi cha majaribio. Wengi wao hawana hatia. Nao wameingiliwa, na programu inayojaza fomu yao ya malipo inaweza kupitisha kadi nyingi kwa saa moja. Kwa hiyo jina unaloliona kwenye meseji mara nyingi si la mwizi, na kumpigia kelele mwenye jina hilo hakukufikishi popote.

Aliyejaribu na atakayetumia mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kadi iliyothibitishwa kuwa hai huuzwa ghali kuliko ile ambayo haijajaribiwa, na wauzaji wake huahidi kubadilisha iliyokufa. Hapo ndipo unapotokea ule ukimya wa siku mbili tatu unaowadanganya watu. Mteja huona vijisenti, kisha haoni kitu, anasema yamekwisha. Ndani ya ukimya huo kadi inabadilisha mikono.

Kuna aina nyingine ya makato madogo ambayo ni wizi wenyewe, si jaribio. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kundi lililojificha nyuma ya makampuni ya bandia, ambalo lilikata kati ya senti 20 na dola 10 kwenye kadi zaidi ya milioni moja, kwa kawaida mara moja tu kwa kila kadi, na kukusanya zaidi ya dola milioni 10. Wengi wa waliokatwa hawakulalamika. Katika wizi wa namna ile kadi hukatwa mara moja na haiguswi tena. Ya dada yangu ilikatwa mara nne, kwa wauzaji wanne, ndani ya siku mbili, kwa dakika zinazofuatana. Mfuatano wa namna hiyo ni wa mtu anayejaribu.

Lazima pia niseme kwamba si kila dola moja usiyoitambua ni tapeli. Ukisajili kadi kwenye huduma mpya, muuzaji huweza kushikilia kiasi kidogo ili ahakikishe kadi inafanya kazi, na baada ya siku chache kiasi hicho kinajifuta. Jina linaloonekana pia huweza kuwa la kampuni mama, tofauti kabisa na jina la duka ulilolipa. Kipimo changu ni saa. Angalia dakika ile ulikuwa unafanya nini, na kama kuna mtoto au mwenzi anayetumia kadi hiyo, mwulize. Dada yangu saa nane usiku alikuwa amelala, na kadi hiyo haijawahi kusajiliwa kwenye simu ya mtu mwingine. Kama saa ile hukuwa unafanya lolote, usisubiri kiasi kijifute.

Baada ya kuifungia kwenye programu, nilimwambia apige simu benki kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi, si namba iliyo kwenye meseji yoyote. Kuifungia kwenye simu ni kufuli la muda tu. Benki nyingi huacha malipo ya kujirudia yaendelee hata kadi ikiwa imefungiwa hivyo, na namba yenyewe inabaki hai.

Simu ile ilikaribia kuharibika mwanzoni kabisa. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, akamwambia, "Usijali mama, ni kiasi kidogo, tutakurudishia leo hii." Dada akashukuru, akataka kukata. Mimi nilikuwa kwenye simu yake nyingine namsikiliza, nikamwambia asikate.

Ahadi ile ni nzuri na ni hatari. Kufuatilia malalamiko ya dola moja kupitia mtandao wa kadi kunaigharimu benki zaidi ya dola moja, kwa hiyo benki nyingi hurudisha kiasi hicho kutoka mfukoni mwao na kufunga faili. Likiandikwa kama hisani kwa mteja, hakuna anayejua kwamba kadi imeibwa. Namba inabaki hai, muuzaji haarifiwi, na aliyenunua kadi anaingia kazini akiwa na jibu lake la `00` mkononi. Dada yangu angerudishiwa dola 3.87 na kubaki na tatizo lake lote.

Kwa hiyo alisema maneno haya, na nilimwomba ayaseme kama yalivyo: "Sikuidhinisha muamala hata mmoja kati ya hii. Naomba iandikwe kuwa ni utapeli, kadi ifungwe kabisa, nipewe yenye namba mpya. Na naomba orodha ya maombi yote yaliyofika kwenye kadi hii wiki mbili zilizopita, pamoja na yaliyokataliwa." Kijana alisita kwenye hilo la mwisho. Taarifa ya akaunti haionyeshi maombi yaliyokataliwa, na meseji mara nyingi hazitumwi. Lakini benki inayaona. Akamwunganisha na kitengo cha kadi, na alasiri orodha ikaja kwa barua pepe.

Orodha hiyo ndiyo iliyonieleza kisa chote. Kabla ya dola 1.00 ya Jumanne kulikuwa na ombi la saa nane na dakika kumi na moja, la dola 0.00. Hilo ni ombi la kuthibitisha kadi bila kukata kitu, limewekwa kihalali kwa ajili ya wauzaji, na wezi wanalipenda kwa sababu mteja hapati meseji. Kwa hiyo majaribio yalikuwa matano, si manne, na la kwanza lilipita kimyakimya. Yote matano yalijibiwa `00`. Hapakuwa na hata moja lililokataliwa.

Nilisimama hapo. Kadi inayokisiwa haipiti mara ya kwanza. Namba ya kadi yenye tarakimu 16 huanza na tarakimu sita au nane zinazoitambulisha benki, na tarakimu ya mwisho ni ya hesabu tu, inatokana na zile zilizotangulia. Programu inaweza kubuni namba nyingi zenye sura sahihi, lakini bado inabaki tarehe ya mwisho, ambayo kwa kadi ya miaka mitano ni miezi 60 ya kujaribu, na zile tarakimu tatu za nyuma, ambazo ni uwezekano 1,000. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha jinsi ukisiaji huo unavyoweza kugawanywa kwenye wauzaji wengi ili usionekane mahali pamoja. Ila hata ukigawanywa, benki iliyotoa kadi inaona maombi yaliyokosea tarehe na yaliyokosea tarakimu tatu, kwa rundo, kabla ya moja kupita. Kwa dada yangu hapakuwa na rundo. Mwizi alikuwa na namba, tarehe na zile tarakimu tatu, zote sahihi, tangu ombi la kwanza.

Tarakimu tatu hizo zina jambo lake. Sheria za usalama za mitandao ya kadi zinamkataza muuzaji kuzihifadhi baada ya malipo kupita, hata kwa kuzificha kwa namna yoyote. Kwa hiyo anayeiba ghala la taarifa la duka linalofuata sheria hapati tarakimu tatu. Anayezipata ni yule anayezidaka wakati mteja anaziandika: ukurasa bandia wa malipo, au ukurasa wa kweli uliochomekewa kipande cha programu kinachonakili kila kinachoandikwa kwenye fomu. Cha pili ndicho kibaya zaidi, kwa sababu anwani ni sahihi, kufuli kwenye kivinjari lipo, bidhaa inafika, na mteja hana namna ya kukiona.

Nilimwuliza amelipia nini mtandaoni mwezi huo kwa kuandika namba upya. Vitu viwili: tiketi kwa kampuni aliyoizoea, na viatu kwenye duka dogo ambalo hakuwahi kununua hapo kabla. Sikuwa na uthibitisho, ila nilikuwa na shaka. Uthibitisho ulikuja kesho yake jioni, na ulikuja kwa simu.

Ijumaa saa kumi na mbili na dakika ishirini mtu alimpigia akijitambulisha kuwa ni wa kitengo cha usalama cha benki yake. Alimtaja kwa majina mawili. Alijua tarakimu nne za mwisho za kadi. Akasema wameona makato madogo yasiyo ya kawaida wiki hii, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, na kwamba ili kuyafuta atamtumia namba ya uthibitisho, amsomee. Dada alikuwa ameshaambiwa kwamba simu hiyo huenda ikaja. Alijibu, "Subiri nikupigie mwenyewe kwa namba ya nyuma ya kadi," akakata.

Simu kama hii ni sehemu ya kazi ileile. Malipo madogo hupita bila namba ya uthibitisho kwa kuwa muuzaji mdogo hakuiomba au benki haikuona haja. Malipo makubwa huombewa namba hiyo. Aliyenunua kadi iliyothibitishwa anagonga ukuta hapo, na njia ya kuupita ni mwenye kadi mwenyewe. Vile vijisenti vinamsaidia mara ya pili: anavitaja ili aonekane anajua kinachoendelea, na mteja aliyekuwa na wasiwasi anafarijika kwamba benki imemfikia kabla hajaifikia. Mfanyakazi wa benki hana sababu ya kukuomba umsomee namba hiyo. Ni ya kuandikwa na wewe, kwenye ukurasa uliofungua wewe.

Tulipopata orodha ya nyongeza Jumatatu, ombi la dola 412.00 kwa muuzaji wa vifaa vya umeme lilikuwa hapo, Ijumaa saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili. Dakika mbili baada ya simu kuanza. Lilikataliwa kwa kuwa kadi ilikwisha kufungwa tangu Alhamisi, na kwa hiyo hata meseji ya uthibitisho haikutoka.

Lakini kilichonipa jibu ni laini aliyopigiwa. Dada ana laini mbili. Ya benki ni moja. Ile nyingine huwapa wauzaji wa mtandaoni tu, kwa ajili ya mtu wa kuleta mzigo. Simu ya tapeli iliingia kwenye laini ya mizigo. Anayekisia namba za kadi hapati namba ya simu, na benki haikuwa nayo. Kampuni ya tiketi nayo ilikuwa na laini ya kwanza. Fomu pekee iliyowahi kushika kadi hiyo na laini hiyo kwa pamoja ilikuwa ya duka la viatu. Dada aliwaandikia duka hilo, akawapa tarehe ya ununuzi wake na kuwaeleza kuwa taarifa zake zimenakiliwa kwenye fomu yao ya malipo. Hakuwalaumu, nami naona alifanya vizuri. Mwenye duka dogo mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Aliipa benki maelezo hayohayo, kwa sababu benki ikiona kadi kadhaa zilizoibwa zote zimepita duka moja, inaweza kuzifungia nyingine kabla hazijajaribiwa.

Kuhusu pesa zenyewe: makato mawili ya Jumanne yalikuwa yameingia rasmi, yale ya Alhamisi yalikuwa bado yanasubiri. Malalamiko rasmi kwa kawaida hayafunguliwi kwa makato yanayosubiri, maana mengine hujifuta. Hapo watu huambiwa "subiri yaingie," wakaelewa kuwa wasubiri kutoa taarifa pia. Taarifa inatolewa siku ileile. Fomu ya malalamiko ndiyo inayosubiri. Mitandao mikubwa ya kadi kwa kawaida huipa benki siku 120 kudai malipo ambayo mwenye kadi hakuyaidhinisha, lakini benki humwekea mteja wake muda mfupi zaidi, kwa hiyo soma mkataba wako, si wa jirani. Na kama kadi inachota moja kwa moja kwenye akaunti ya akiba, kama yake, pesa inayopotea ni yako tangu dakika ya kwanza, wakati kwenye kadi ya mkopo ni deni unalolipinga.

Muamala mmoja kati ya minne ulijifuta wenyewe. Mwenye ukurasa wa michango alikuwa amegundua rundo la malipo ya ajabu akayarudisha yote. Miwili benki ililipa. Uliobaki, ile dola 1.00 ya Alhamisi, ulirudi kwa sura nyingine.

Siku saba baada ya dola hiyo kukatwa, dada akiwa na kadi mpya yenye namba mpya, iliingia meseji ya makato ya dola 39.90. Alinipigia akiwa karibu kulia. "Mdogo wangu, hata hii mpya wameiiba."

Hawakuiiba. Dola ile moja ilikuwa malipo ya majaribio ya wiki moja kwenye huduma ya kutazama video. Aliyejaribu kadi alikuwa amejiunga kwa jina la dada yangu, na wiki ilipoisha huduma ikadai ada ya mwezi. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuwapelekea wauzaji wa malipo ya kujirudia namba mpya pale kadi inapobadilishwa, ili usajili halali wa mteja usikatike. Benki ya dada inaushiriki, na kadi ilikuwa imebadilishwa bila usajili huo kutengwa. Namba mpya ilipelekwa kwa muuzaji huyo na benki yenyewe.

Kubadilisha kadi tena kusingesaidia, namba ingefuata vilevile. Alichoomba ni mambo mawili: benki imzuie muuzaji huyo kukata tena kwenye akaunti yake, kwa kadi yoyote, na dola 39.90 ziingizwe kwenye faili lilelile la utapeli, si malalamiko mapya ya "huduma nisiyoitaka," ambayo husikilizwa kwa masharti tofauti na huweza kumtaka aonyeshe kwamba aliomba kujiondoa. Kwa muuzaji aliandika barua pepe ya kufuta usajili akitaja tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho, bila namba nzima. Zuio liliwekwa siku hiyo. Pesa ilirudi baada ya wiki tatu, ikiwa imeandikwa utapeli.